Mstari au sigmoidi, kosa la mraba au hasara ya logi, 0.5 au gharama: kuchagua kwa mfano wa Challenger

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol huko Utah walijadiliana kwa simu na maofisa wa NASA walioko Alabama na Florida. Swali lilikuwa moja: baridi iliyotabiriwa kwa asubuhi ya kesho yake, nyuzi 31 za Farenhaiti, yaani chini kidogo ya sifuri ya Selsiasi, itaziathiri vipi pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger? Mafundi wetu wa magari pete kama hizo huziita oringi. Wahandisi walipendekeza kwanza chombo kisirushwe chini ya nyuzi 53, kisha kampuni ikabadili msimamo. Challenger ilirushwa tarehe 28, ikapasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafariki.

Data ya pete hizo ni ndogo kiasi cha kuandikwa kwenye kipande cha karatasi, na ndiyo sababu naipenda kwa kufundishia rigresheni ya lojistiki, njia ya kukadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana. Kabla ya siku hiyo vyombo vya aina hiyo vilikuwa vimeruka mara 24. Roketi za safari moja zilipotelea baharini, hivyo zikabaki safari 23 ambazo pete zake zilikaguliwa. Kila safari ina namba mbili tu: joto wakati wa kuruka, na jibu la ndiyo au hapana kwa swali kama pete yoyote ya viungo vya mwili wa roketi ilikutwa na dalili za kuungua au kupitisha gesi. Ndiyo tunaiandika 1, hapana 0.

```python
import numpy as np
from sklearn.linear_model import LogisticRegression

t = np.array([66,70,69,68,67,72,73,70,57,63,70,78,
              67,53,67,75,70,81,76,79,75,76,58])
y = np.array([0,1,0,0,0,0,0,0,1,1,1,0,
              0,1,0,0,0,0,0,0,1,0,1])
m = LogisticRegression(C=1e9, max_iter=10000)
m.fit(t.reshape(-1, 1), y)
print(m.intercept_, m.coef_)
```

Safari saba zina 1, kumi na sita zina 0. Kabla ya kulinganisha njia yoyote, angalia kwanza zile saba peke yake. Joto lake ni 53, 57, 58, 63, 70, 70 na 75. Ukiziweka kwenye mchoro bila nyingine, utaona pete zimedhurika kwenye baridi na kwenye joto pia, na utasema joto halihusiki. Tume iliyochunguza ajali ilieleza kwamba katika mjadala wa usiku ule hapakuwa na picha ya safari zote, zilizodhurika na zisizodhurika. Ongeza zile kumi na sita ambazo pete zake hazikudhurika na sura inabadilika: safari zote nne zilizoruka chini ya nyuzi 65 zilidhurika, na kati ya kumi na tisa zilizoruka juu ya hapo zilidhurika tatu tu. Hakuna kiainishi kinachojifunza kutoka upande mmoja wa jibu, uwe na fomula nzuri namna gani.

Sasa tuchague. Kuna maamuzi matatu ya kufanya, na mengi yanayoandikwa kuhusu rigresheni ya lojistiki huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja: umbo la mchirizi, namna ya kupima kosa wakati wa kujifunza, na mahali pa kukata kati ya ndiyo na hapana.

Mstari ulionyooka au sigmoidi

Njia ya haraka ni rigresheni ya kawaida: chora mstari ulionyooka kupitia zile sifuri na moja, kisha usome urefu wake kama uwezekano. Kwa data yetu mstari huo ni 2.905 − 0.0374 × joto.

Sigmoidi huanza na mstari pia, ila haiusomi moja kwa moja. Kwanza inapata alama z, kwa data hii z = 15.043 − 0.2322 × joto, kisha inaipitisha kwenye fomula hii:

p = 1 / (1 + e^(−z))

Alama iwe kubwa au ndogo kiasi gani, p haitoki nje ya 0 na 1. Alama ikiwa sifuri, p ni nusu kamili.

Tuanze na haki ya mstari, maana watu huusema vibaya kuliko unavyostahili. Katikati ya data, njia mbili hizi zinakaribiana sana. Kwenye nyuzi 67 mstari unasema uwezekano ni 0.40 na sigmoidi inasema 0.37. Kwenye 75 mstari unasema 0.10, sigmoidi 0.09. Hata mahali zinapovuka nusu panatofautiana kwa chini ya nyuzi moja, 64.3 kwa mstari na 64.8 kwa sigmoidi, kwa hiyo ukikata kwenye 0.5 zote mbili zinazuia safari zile zile nne. Mtu anayetaka tu kujua mwelekeo wa jumla katikati ya data, na anayepaswa kueleza matokeo kwa sentensi moja ("kila nyuzi moja ya joto inapunguza uwezekano kwa asilimia 3.7"), mstari haumwangushi.

Unaanguka pembeni. Kwenye nyuzi 81, ambayo ni safari halisi iliyomo kwenye data, mstari unatoa uwezekano wa −0.12. Kwenye nyuzi 31 unatoa 1.75, yaani asilimia 175. Unaweza kukata kwa nguvu, kila kilichozidi moja kiwe moja na kilichopungua sifuri kiwe sifuri, lakini hapo unatamka kwamba juu ya nyuzi 78 pete haziwezi kudhurika kamwe. Data ya safari chache hivi haitoshi kusema "kamwe".

Sigmoidi inalipa usalama huo kwa gharama moja: mteremko wake hausomeki kirahisi. Ile −0.2322 haisemi uwezekano unapungua kwa asilimia 23 kila nyuzi. Inachogusa ni uwiano, yaani uwezekano wa ndiyo ukigawanywa kwa uwezekano wa hapana. Kila nyuzi moja ikiongezeka, uwiano huo unazidishwa kwa e^(−0.2322), ambayo ni 0.79, kwa hiyo unapungua kwa takriban moja ya tano. Nyuzi kumi zikiongezeka unabaki karibu sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Uwezekano wenyewe unabadilika kwa kasi tofauti kulingana na mahali ulipo: karibu na nyuzi 65 kila nyuzi moja inauondolea pointi karibu sita za asilimia, na karibu na nyuzi 80 haifiki hata pointi moja. Kwa pete za mpira hilo lina mantiki. Mahali ambapo mambo tayari ni salama, joto kidogo zaidi halina la kuongeza.

Kwa uamuzi wa kwanza, basi, nachagua sigmoidi bila kusita pale uwezekano wenyewe unapotumika, na hasa kama baadhi ya vitu utakavyotabiria viko pembeni mwa data. Ila usidhani sigmoidi inaponya tatizo la kutabiri nje ya data. Kwenye nyuzi 31 inatoa 0.9996, jibu linaloonekana na uhakika mkubwa, ilhali safari ya baridi kuliko zote katika data ni ya nyuzi 53. Zile nyuzi 22 katikati hakuna aliyezipima. Tena wigo wa asilimia 95 wa mteremko wetu, yaani eneo ambamo mteremko wa kweli huenda upo, unaanzia karibu −0.44 hadi karibu −0.02. Ncha moja ya wigo huo inasema baridi ni hatari kubwa mno, nyingine inasema joto halina uzito wowote wa maana. Fomula inakuhakikishia p itakaa kati ya 0 na 1, na ahadi yake inaishia hapo.

Kosa la mraba au hasara ya logi

Tumeshachagua umbo. Sasa zile namba mbili, 15.043 na −0.2322, zimetoka wapi? Zimetafutwa ili kosa fulani liwe dogo kadiri inavyowezekana, na hapa kuna wagombea watatu: kuhesabu majibu yaliyokosewa, kosa la mraba, na hasara ya logi.

Hesabu ya majibu yaliyokosewa ndiyo kila mtu anaielewa, na kwa kujifunza ndiyo dhaifu kuliko zote. Chukua modeli yetu, halafu tengeneza nyingine kwa kuzidisha alama zote mara mbili: z = 30.086 − 0.4643 × joto. Zote mbili zinavuka nusu kwenye nyuzi 64.8, zote zinapata safari 20 kati ya 23. Kwa kipimo hiki ni sawa kabisa. Lakini kwa safari ya nyuzi 75 iliyodhurika, ya kwanza ilisema uwezekano ni 0.086, ya pili ilisema 0.009. Moja ilisema "si rahisi kutokea", nyingine ilikaribia kuapa kwamba haitatokea, na ikatokea. Kipimo kinachozipa alama sawa modeli mbili hizi hakitufai.

Hasara ya logi inazitofautisha. Kwa kila safari unachukua uwezekano ambao modeli ilitoa kwa jibu lililotokea kweli, unatafuta logi asilia yake, unageuza ishara:

hasara = −[y·ln(p) + (1 − y)·ln(1 − p)]

Safari ya nyuzi 53 ilidhurika na modeli ilisema 0.939. Hasara yake ni −ln(0.939), karibu 0.06, kitu kidogo. Safari mbili za nyuzi 70 zilizodhurika zilipewa 0.23, kila moja inagharimu 1.47. Ile ya nyuzi 75 inagharimu 2.46. Jumla ya safari zote 23 ni 10.16, kwa hiyo safari hiyo moja inabeba karibu robo ya hasara yote. Wastani ni 0.442. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka uwe na cha kuilinganisha nacho: mtu asiyejua lolote kuhusu joto, anayesema 7/23 kwa kila safari, anapata 0.614. Tofauti kati ya 0.614 na 0.442 ndiyo faida tuliyopata kwa kujua joto. Na ile modeli iliyozidishwa mara mbili inapata 0.528, adhabu ya kujiamini kupita ushahidi uliopo.

Kosa la mraba nalo lingezitofautisha, hilo tukubali. Ubaya wake unatokea wakati wa kujifunza. Kompyuta inasahihisha alama z hatua kwa hatua, na ukubwa wa kila hatua unategemea mteremko wa kosa. Ukitumia hasara ya logi pamoja na sigmoidi, mteremko huo kwa kila kipengele cha data ni p − y tu, jibu lililotolewa ukiondoa jibu la kweli. Ukitumia kosa la mraba, mteremko ni 2(p − y)·p(1 − p). Ile p(1 − p) ya mwisho ndiyo inayoharibu. Chukua kipengele ambacho modeli imekosea vibaya sana: ilisema 0.001, jibu la kweli ni 1. Hasara ya logi inasukuma kwa nguvu ya 0.999, kosa la mraba linasukuma kwa 0.002. Mahali ambapo modeli imepotea zaidi ndipo kosa la mraba linanyamaza. Zaidi ya hapo, hasara ya logi ikiunganishwa na sigmoidi ina umbo la bakuli lenye kitako kimoja, kwa hiyo popote utakapoanzia utateremka kuelekea mahali pale pale. Kosa la mraba lina mabonde na tambarare ambamo utafutaji unaweza kukwama.

Kuna zawadi nyingine ambayo huonekana ukijumlisha p za safari zote 23: unapata 7 kamili, sawa na idadi ya safari zilizodhurika. Si bahati. Hasara ya logi ikifika chini kabisa, na modeli ina namba yake ya kuanzia isiyobanwa, jumla ya uwezekano lazima ilingane na jumla ya matukio. Sifa hiyo tutaihitaji tukifika kwenye kizingiti.

Lakini hasara ya logi ina ugonjwa wake, na usipoujua utakushangaza siku utakapokutana nao. Ondoa zile safari tatu za nyuzi 70, 70 na 75 zilizodhurika. Sasa data inagawanyika kikamilifu: zote za 63 kushuka zimedhurika, zote za 66 kupanda ziko salama. Utadhani modeli itafurahi. Kumbe inapoteza breki. Kila ukiongeza mteremko, hasara inapungua kidogo zaidi, hivyo utafutaji unaendelea kuusukuma kuelekea ukomo usiokuwepo. Katika R utaona onyo hili:

```
glm.fit: fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred
```

Dalili nyingine ni namba kubwa ajabu kwenye mteremko, pamoja na kosa sanifu kubwa kuliko mteremko wenyewe. Dawa ya kawaida ni kuubana mteremko kwa adhabu. Scikit-learn inabana bila kukuuliza: `C` yake ya kawaida ni 1.0, na ndogo zaidi inamaanisha kubana zaidi. Ndiyo maana kwenye msimbo wa juu nimeandika `C=1e9`, ili adhabu iwe kama haipo na namba zilingane na za R. Adhabu hiyo pia inategemea vipimo ulivyotumia. Ukibadilisha joto liwe na wastani sifuri na mtawanyiko moja, `C=1.0` ile ile itabana kwa nguvu kubwa kuliko ilivyobana nyuzi za Farenhaiti. Mtu akikuambia amepata mteremko tofauti na wako kwa data ile ile, muulize kwanza mambo haya mawili.

Kwa hiyo, kwa uamuzi wa pili: hasara ya logi kwa kujifunza na kwa kulinganisha modeli. Kosa la mraba la uwezekano liweke kama kipimo cha pili cha kuripoti ukipenda, maana halitoi namba isiyo na mwisho kwa kosa moja. Hesabu ya majibu sahihi iache mpaka utakapochagua kizingiti, na hata hapo uwe na mashaka nayo.

Kizingiti: 0.5, kukisia kwenye jedwali, au kukokotoa kutokana na gharama

Modeli haisemi "rusha" wala "ahirisha". Inasema 0.37. Atakayesema ahirisha ni wewe, kwa kuchagua namba ambayo p ikiivuka unazuia. Kazi ya kujifunza imeshaisha hapo. Kubadili kizingiti hakubadili mteremko wala hasara ya logi hata chembe.

Hivi ndivyo vizingiti vinne vinavyofanya kwa safari zetu 23. "Zilizoponyoka" ni zilizodhurika ambazo tungeziruhusu, na "tahadhari za bure" ni zilizokuwa salama ambazo tungeziahirisha.

| Kizingiti | Zuia chini ya (°F) | Zilizozuiwa | Zilizoponyoka | Tahadhari za bure | Majibu sahihi |
|---|---|---|---|---|---|
| 0.5 | 64.8 | 4 | 3 | 0 | 20 |
| 0.2 | 70.8 | 14 | 1 | 8 | 14 |
| 0.1 | 74.3 | 16 | 1 | 10 | 12 |
| 0.08 | 75.3 | 18 | 0 | 11 | 12 |

Ukifuata safu ya mwisho utachagua 0.5, na `predict()` ya scikit-learn kwa kiainishi hiki hufanya hivyo hivyo. Ila linganisha na mtu asiyezuia kitu maishani mwake: anapata majibu sahihi 16 kati ya 23. Anamshinda anayetumia 0.2, ambaye amezinasa safari sita kati ya saba zilizodhurika! Hesabu ya majibu sahihi inachukulia kwamba kuahirisha safari iliyokuwa salama na kuirusha iliyodhurika ni makosa yenye uzito mmoja. Ukiamini hivyo kweli, 0.5 ni jibu sahihi na huhitaji kusoma zaidi.

Kama huamini, weka gharama mezani. Tuite B gharama ya kuahirisha bure, na U gharama ya kuacha uharibifu uponyoke. Ukizuia safari yenye uwezekano p, unatarajia kupoteza (1 − p) × B. Ukiiruhusu, unatarajia kupoteza p × U. Kuzuia kunakuwa nafuu p inapozidi:

kizingiti = B / (B + U)

Gharama zikilingana unapata 0.5. Kuponyoka kukiwa kubaya mara nne, kizingiti ni 0.2. Mara tisa, ni 0.1. Huhitaji kujua gharama kwa shilingi au dola, unahitaji uwiano tu, na uwiano ndio watu wa kazi hiyo wanaoweza kuukadiria wakikaa pamoja. Kwa mfano wetu ni muhimu kukumbuka kwamba zile safari saba zilizodhurika zote zilirudi salama. Kwa hiyo U si gharama ya kupoteza chombo na watu. Ni gharama ya pete kudhurika, ambayo ndani yake umebebwa uwezekano fulani wa kupoteza kila kitu. Wanatakwimu Dalal, Fowlkes na Hoadley, waliochapisha uchambuzi wao wa data hii mwaka 1989, hawakuishia kwenye swali la kudhurika. Walikwenda hatua ya pili kuuliza hatari ya ajali yenyewe.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo watu wengi huifanya kimyakimya, ni kuangalia jedwali kama hilo la juu na kuchagua mstari wenye jumla ndogo ya gharama. Inaonekana ni sawa na kutumia fomula, lakini jaribu. Weka U mara tisa ya B. Kizingiti 0.5 kinagharimu 27, kizingiti 0.2 kinagharimu 17, kizingiti 0.1, ambacho fomula inakipendekeza, kinagharimu 19, na 0.08 kinagharimu 11. Jedwali linapiga kelele: chukua 0.08! Na tofauti yenyewe si ndogo.

Sababu yake ni safari moja. Ile ya nyuzi 75 iliyodhurika ina p ya 0.086, kwa hiyo 0.08 kinainasa na 0.1 hakiinasi, na kwa uzito wa tisa hilo linatosha kupindua matokeo. Siku ile joto lingekuwa nyuzi 76, p yake ingekuwa 0.069, na jedwali lingekuambia ushuke hadi hapo. Ukiwa na matukio saba tu, jedwali linakuchagulia kizingiti kinachozunguka tukio lako moja la ajabu kuliko yote, na mbaya zaidi linafanya hivyo kwa data ile ile iliyofundisha modeli. Fomula haijaona safari hiyo. Inajua gharama tu.

Lakini fomula nayo ina sharti: p lazima iwe uwezekano wa kweli. Safari kumi zikipewa 0.2, takriban mbili zidhurike. Hapa ndipo ile sifa ya jumla kulingana na 7 inaposaidia, ingawa inathibitisha wastani wa jumla tu, si kila sehemu ya mchirizi. Ukiwa na maelfu ya vipengele, gawa p katika makundi, kwa kila kundi linganisha wastani wa p na sehemu iliyotokea kweli, na ufanye hivyo kwa data ambayo modeli haijaiona. Makundi yakilingana, tumia fomula ya gharama. Yasipolingana na huwezi kuirekebisha modeli, jedwali linakuwa na nafasi yake, mradi lijengwe juu ya data iliyotengwa pembeni yenye matukio mengi. Scikit-learn kuanzia toleo 1.5 ina `TunedThresholdClassifierCV` kwa kazi hiyo ya kutafuta, na `FixedThresholdClassifier` kwa anayetaka kuweka namba aliyoikokotoa mwenyewe. Kwa safari 23 ningechukua hiyo ya pili.

Kwa asubuhi ile ya Januari, kizingiti hakikuwa na uzito. Nyuzi 31 zinavuka vyote vinne, na hata mtu aliyeshuku namba ya 0.9996 angeona kwamba yuko nje kabisa ya kilichowahi kupimwa. Kizingiti kinaamua mambo kwa zile safari za nyuzi 65 hadi 75, ambako modeli inasema kati ya 0.09 na 0.49. Kwa eneo kama hilo si lazima kukata mara moja. Unaweza kuweka vizingiti viwili: juu ya 0.5 ahirisha, chini ya 0.08 ruhusu, na katikati peleka kwa ukaguzi wa mtu. Chaguo hili lina maana pale tu ukaguzi unapoweza kuongeza taarifa ambayo modeli haina, na unapogharimu kidogo kuliko kuahirisha. Kama mkaguzi ataangalia kipimajoto kile kile, umeongeza foleni tu. Na jedwali linakuonyesha mapema foleni hiyo itakuwa ya ukubwa gani: safari 14 kati ya 23 zingeangukia humo.

Mwisho, jihadhari na kuchanganya kizingiti na uzito wa madaraja, yaani uzito unaopewa ndiyo na hapana wakati wa kujifunza. Wengi wakiona ndiyo ni chache huandika `class_weight="balanced"`, ambayo kwa data yetu inazipa safari zilizodhurika uzito wa 1.64 na zilizo salama 0.72. Matokeo yake ni karibu sawa na kuacha modeli kama ilivyo na kukata kwenye 7/23, yaani 0.30. Ukitaka kukata hapo, kata hapo moja kwa moja. Ukitumia uzito, p zote zinavimba, jumla yake hailingani tena na 7, na ukija kuweka B/(B + U) juu yake utakuwa umehesabu gharama ya kuponyoka mara mbili. Ukikuta modeli ya mtu inasema 0.5 kwa safari za nyuzi 68 au 69 na yako inasema 0.3, tazama kwanza kama uzito huo umewekwa kwenye msimbo wake.